Stoo Imejaa, Droo Tupu

Katika mazungumzo ya juma hili tutazungumzia jambo linalowatatiza wenye maduka ya jumla katika miji midogo ya nchi yetu, na ambalo mara nyingi huishia mlangoni kwa ndugu zao wanaoishi mijini. Mtu ana duka la jumla Biharamulo au Ngara. Stoo imejaa hadi dari, wateja wapo, na daftari linaonyesha kuwa kila mwezi anapata faida. Hata hivyo mwezi haujaisha naye ameshapiga simu kwa kaka yake aliyeko Mwanza au Dar es Salaam: "Nisaidie milioni kumi, sukari imeniishia na fedha ya kuagiza nyingine sina." Kaka anashangaa, maana Krismasi iliyopita alilitembelea duka hilo na kukuta hakuna hata pa kupita kwa wingi wa mali. Anaanza kuhisi kwamba mdogo wake anakula mtaji, au ana mambo mengine ya siri.

Huenda mdogo mtu hajala hata senti moja. Fedha yake ipo, ila imegeuka mabeseni na deni la watu, na mabeseni hayawezi kumlipa mwenye kiwanda cha sukari. Kwa hiyo kabla ya kutuma fedha, au kabla ya kumshutumu ndugu, yafaa kujua namna ya kupima muda ambao fedha ya duka inakaa nje kabla ya kurudi mkononi. Hesabu yake ni ya kujumlisha na kutoa tu, na inahitaji daftari la mauzo, daftari la madeni, na siku moja ya kuhesabu mali iliyomo stoo.

Hebu tufuate safari ya shilingi moja. Inatoka kwenye droo ya duka kwenda kwa msambazaji wa Mwanza. Huko inageuka mche wa sabuni. Mche huo unapakiwa kwenye lori, unapita Geita, unafika Biharamulo, unaingia stoo na kukaa. Siku fulani unachukuliwa na mwenye duka la rejareja wa Nyakahura au Nyakanazi. Kama amelipa papo hapo, shilingi imerudi. Kama amechukua kwa mali kauli, yaani kwa ahadi ya kulipa akishauza, shilingi bado ipo njiani hadi atakapolipa. Siku zote hizo, kuanzia ilipotoka kwenye droo hadi iliporudi, mwenye duka hawezi kuitumia kwa jambo jingine lolote.

Lakini upo upande wa pili. Kama msambazaji wa Mwanza naye alimwambia mwenye duka, "Chukua, utanilipa baada ya juma moja," basi kwa siku saba za mwanzo shilingi iliyokuwa safarini ni ya msambazaji. Siku hizo tunaziondoa. Kwa hiyo hesabu inakuwa hivi: siku mali inazokaa, jumlisha siku wateja wanazochelewa kulipa, toa siku unazopewa na msambazaji. Jibu ndilo idadi ya siku ambazo fedha yako mwenyewe inakuwa nje.

Tuchukue duka la mfano pale Biharamulo mjini, na takwimu tulizozikadiria ili hesabu iwe nyepesi. Duka hili linauza kila siku mali ambayo kwa bei ya kununulia ni shilingi 1,000,000. Mwenye duka anaongeza juu yake wastani wa asilimia 5, kwa hiyo anapata faida ghafi ya shilingi 50,000 kwa siku, au 1,500,000 kwa mwezi wa siku 30. Pango, mlinzi, vibarua wa kupakua, umeme, leseni na kodi vinachukua 900,000. Zinabaki 600,000, na hizo ndizo zinazolisha nyumba yake.

Siku moja anafunga duka na kuhesabu. Mali iliyomo stoo pamoja na ile iliyo njiani ambayo imekwisha nunuliwa, kwa bei ya kununulia, ni shilingi 30,000,000. Kwa kuwa anauza mali ya milioni moja kwa siku, mali hiyo ni ya siku 30. Anafungua daftari la madeni na kukuta wateja wanadaiwa mali ya shilingi 12,000,000 kwa bei ile ile ya kununulia. Hizo ni siku 12. Yeye mwenyewe anadaiwa na msambazaji shilingi 7,000,000, nazo ni siku 7. Basi 30 jumlisha 12 ni 42, toa 7, zinabaki siku 35. Shilingi anayoitoa leo atairudisha mkononi baada ya siku 35. Fedha yake mwenyewe iliyofungwa ndani ya mzunguko huo ni milioni 35, na ndiyo maana daftari linasema ana faida huku droo ikiwa tupu.

Mpaka hapo tumepata wastani tu, na wastani wa duka zima huficha ugonjwa. Mwenye duka hana budi aigawe ile milioni 30 kwa aina za mali. Katika duka letu la mfano, sukari iliyomo ni ya milioni 4, na inauzwa ya shilingi 400,000 kwa siku; itakwisha kwa siku 10. Sabuni ni ya milioni 5, inauzwa ya 250,000 kwa siku; ni ya siku 20. Mafuta ya kula ni ya milioni 4, yanauzwa ya 200,000 kwa siku. Nayo ni ya siku 20. Chumvi ni ya milioni 1, inauzwa ya 50,000 kwa siku. Vile vile ni siku 20. Baada ya hapo yanabaki mabeseni, madumu, sufuria, chupa za chai na madaftari ya shule. Hayo kwa pamoja ni ya shilingi milioni 16, na yanauzwa ya shilingi 100,000 tu kwa siku. Kwa mwendo huo yatakwisha baada ya siku 160, yaani miezi mitano na zaidi.

Tazameni basi: zaidi ya nusu ya fedha iliyomo stoo imelalia bidhaa ambazo ni sehemu moja tu ya kumi ya mauzo. Sukari inaisha kila mara kwa sababu fedha ya kuiagiza imekaa ndani ya mabeseni.

Ukimwuliza mwenye duka kwa nini ameweka mabeseni mengi hivyo, atakujibu kwa kujiamini kwamba mabeseni ndiyo yenye faida. Naye ana ushahidi. Kwenye sukari anapata asilimia 3 tu, kwa sababu bei yake kila mtu anaijua, na ukiongeza kidogo mteja anavuka barabara. Kwenye mabeseni na sufuria anapata asilimia 12 na nusu. Nani ataacha 12 na nusu akimbilie 3?

Kosa la hesabu hiyo ni kwamba haina siku ndani yake. Sukari ya milioni 4 inampa faida ghafi ya shilingi 12,000 kila siku. Ukiigawa kwa hizo milioni nne, kila milioni aliyoweka kwenye sukari inamletea shilingi 3,000 kwa siku. Mabeseni na wenzake, ambayo yamekula milioni 16, yanampa shilingi 12,500 kwa siku. Kila milioni aliyoweka huko inamletea kama shilingi 780 tu. Ile bidhaa yenye faida ndogo kwa kila kilo inamfanyia kazi karibu mara nne ya ile yenye faida kubwa kwa kila kipande, kwa sababu fedha ya sukari inakwenda na kurudi mara tatu kwa mwezi, na ya mabeseni inakwenda mara moja na kulala.

Hata hivyo tusije tukasema aache mabeseni yote ajaze sukari. Wanywaji wa chai wa Biharamulo hawataongezeka kwa sababu stoo imejaa sukari. Atauza ile ile ya 400,000 kwa siku, na nyingine itaganda kwenye mifuko. Pia mwenye kiduka wa kijijini anapokuja na baiskeli au bodaboda anapenda kupata kila kitu mahali pamoja. Akikosa beseni mara mbili, mara ya tatu atakwenda kununua na sukari huko huko atakakopata beseni. Shabaha ni kuwa na mabeseni ya kutosha wateja kwa kipindi kinachoeleweka. Tuseme miezi miwili. Kwa mauzo ya 100,000 kwa siku, siku 60 zinahitaji mali ya milioni 6. Milioni 10 nyingine ndizo zilizofungwa bila sababu, nazo ni sawasawa na zile milioni kumi anazoziomba kwa kaka yake.

Tuseme kaka hana, naye anakwenda kukopa hizo milioni kumi kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi. Kila mwezi atalipa riba ya shilingi 300,000. Ile 600,000 iliyokuwa ikilisha nyumba imekatwa nusu, nayo imekatwa ili kulipia kukaa kwa mabeseni. Kinyume chake, akizitoa milioni 10 hizo kwenye mabeseni, mali yake ya stoo itakuwa ya milioni 20, yaani ya siku 20. Ukijumlisha 12 za wadaiwa na kutoa 7 za msambazaji, fedha yake inarudi baada ya siku 25 badala ya 35.

Atazitoaje? Njia ya kwanza haina hasara, ila inataka subira: asiagize tena bidhaa hizo kwa siku 100 hivi. Kwa mwendo wa 100,000 kwa siku, milioni 16 zitashuka hadi 6 zenyewe. Ugumu wake ni kwamba katika siku hizo 100 kuna saizi zitakazokwisha mapema na nyingine zitakazobaki, kwa hiyo itambidi anunue kidogo kidogo zile chache zinazotakiwa. Njia ya pili ni ya haraka: yale yaliyododa ayauze kwa bei ya chini, hata chini ya aliyonunulia. Akiuza mali ya milioni 10 kwa hasara ya asilimia 5, atapoteza shilingi 500,000 mara moja. Ikiwa njia nyingine aliyonayo ni mkopo wa riba ya 300,000 kila mwezi, hasara hiyo italipwa na riba iliyookolewa katika muda usiofika miezi miwili. Wafanyabiashara wengi huona uchungu kuuza beseni chini ya bei ya kununulia, kwa kuwa hasara hiyo inaonekana kwa macho. Hasara ya kulilaza haiandikwi popote.

Tutafanya haki tukieleza pia ni kwa nini mali nyingi huingia stoo. Biharamulo na Ngara ziko mbali na viwanda na maghala makubwa. Mwenye duka anayekwenda Mwanza anaambiwa kwamba akichukua katoni mia moja atapunguziwa bei, na kwamba lori likijaa, nauli ya kila katoni inakuwa ndogo. Anaogopa kurudi na lori nusu, basi anajazia mabeseni kwa kuwa ni mepesi na nafasi ipo. Kwa miaka mingi lori lililotoka Mwanza lilipaswa pia kusubiri kivuko cha Kigongo na Busisi, na mtu asiye na hakika ya siku ya kufika mzigo huweka akiba kubwa. Daraja la mahali hapo lilifunguliwa Juni 2025. Aliyekuwa akiweka akiba ya siku kadhaa kwa hofu ya kivuko hana tena sababu ya kuiweka kwa ajili hiyo, lakini mazoea ya kuagiza mara nyingi hubaki pale pale baada ya sababu yake kuondoka.

Punguzo la bei ya jumla nalo lipimwe kwa siku. Akipunguziwa asilimia 2 kwa kuchukua sabuni ya siku 20 badala ya siku 10, ni jambo jema. Akipunguziwa asilimia 2 kwa kuchukua mabeseni ya miezi mitano, amefungwa. Na kuhusu nauli, wenye maduka wawili au watatu wanaweza kuchangia lori moja, kila mmoja akaleta kidogo na mara nyingi, badala ya kila mtu kuleta lake mara moja kwa mwezi.

Sasa tuje kwenye deni. Zile siku 12 za wadaiwa nazo ni wastani. Mwenye duka aligawe daftari mafungu mawili: wanaodaiwa kwa muda usiozidi gulio lijalo, na wanaodaiwa kwa zaidi ya mwezi. Huenda akakuta kwamba katika milioni 12, milioni 7 zinazunguka vizuri kila juma, na milioni 5 ni za watu wanne au watano ambao kila wakija wanalipa kidogo, kisha wanachukua tena zaidi. Watu hao wanaonekana wateja wazuri kwa sababu hawakosi kuja. Dalili ya kuwatambua ni hii: tazama deni lao la leo na la miezi mitatu iliyopita. Kama manunuzi yao ni yale yale na deni limepanda, basi duka lako ndilo linalowapa mtaji.

Na zile siku 7 za msambazaji zisisifiwe haraka. Mali kauli ya kutoka kwa msambazaji mara nyingi ina bei yake, tofauti na ya fedha taslimu. Tuseme tofauti ni asilimia 1 tu. Mwenye duka letu ananunua mali ya 1,000,000 kwa siku, kwa hiyo analipa 10,000 zaidi kila siku, au 300,000 kwa mwezi, ili atumie milioni 7 za mtu mwingine. Milioni 7 hizo angezikopa kwa ile riba ya asilimia 3 kwa mwezi, angelipa 210,000. Asilimia moja inaonekana ndogo, lakini ni ya siku saba, nayo inarudi kila juma.

Ndugu wasikilizaji, mpaka hapa huenda mtu akasema kuwa haya ni mambo ya kuongeza faida kidogo tu, na kwamba mali iliyomo stoo haiozi, itauzwa siku moja. Wilaya ya Ngara ilipata kuonyesha kwamba siku hiyo moja inaweza isifike.

Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa saa 24 hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakikimbia vita na mauaji ya Rwanda, wakaingia Ngara. Walipiga kambi Benaco, mahali palipopata jina kutokana na kampuni iliyokuwa ikijenga barabara. Wengine waliendelea kuja, na kambi nyingine zikafunguliwa, zikiwemo Lumasi na Musuhura. Ngara ilikuwa wilaya yenye wenyeji wasiofika 200,000. Kwa muda mfupi wageni wakawa wengi kuliko wenyeji. Mashirika ya misaada yaliajiri watu, malori yalipita usiku na mchana, na ndani ya kambi yalizuka masoko makubwa. Wakimbizi waliuza sehemu ya mgawo wa mahindi, maharage na mafuta ili wapate ndizi, sabuni, chumvi, sigara na vitu vingine ambavyo mgawo haukuwa navyo. Wafanyabiashara walikuja kutoka pande nyingi za nchi, na wenyeji wengi waliokuwa na viduka vidogo wakaanza kuuza kwa jumla.

Katika hali kama ile, fedha hurudi haraka, na mtu huiagizia mali zaidi kila mara. Lakini mali inapoingia nyingi kuliko inavyotoka, mzunguko unarefuka bila mwenyewe kujua, kwa sababu mauzo ya kila siku bado ni makubwa.

Mwanzoni mwa Desemba 1996, Serikali pamoja na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi walitangaza kwamba wakimbizi wote wa Rwanda wanatarajiwa kurudi kwao kabla ya tarehe 31 ya mwezi huo. Muda uliotolewa haukufika siku 30, na kwa kweli ulikuwa mfupi zaidi, maana katikati ya mwezi maelfu kwa maelfu walikuwa wameshaondoka kambini. Wengine walijaribu kwanza kuelekea ndani ya nchi, wakarudishwa na vyombo vya usalama kwenye barabara ya Rusumo. Kufikia mwisho wa mwaka karibu watu nusu milioni wa kambi za Kagera walikuwa wamekwisha vuka kurudi Rwanda. Wakimbizi wa Burundi walibaki katika kambi ya Lukole kwa miaka kadhaa, lakini soko kubwa la Benaco lilikuwa limekwisha.

Tupime tukio hilo kwa hesabu yetu. Tuwaze wafanyabiashara wawili, kila mmoja akiwa na mtaji ule ule na faida ile ile. Wa kwanza ana mali ya siku 15 na hakopeshi kambini. Wa pili ana mali ya siku 60 na ana wadaiwa ndani ya kambi. Tangazo linatolewa, na zimebaki siku 14 za kuuza. Wa kwanza, hata kama hakuuza chochote cha ziada, anaweza kumaliza karibu mali yote mradi asiagize nyingine. Wa pili kwa mwendo wake wa kawaida ameuza isiyofika robo. Robo tatu imebaki, nayo ilinunuliwa kwa kipimo cha watu laki kadhaa ambao hawapo tena. Na wale waliomkopa hawakumkimbia kwa ujanja. Wametembea kwa miguu hadi ng'ambo ya Kagera, na daftari lake halivuki mpaka.

Hakuna hata mmoja kati ya hao wawili aliyejua mapema kwamba tangazo litatolewa. Tofauti yao ilikuwa urefu wa mzunguko. Mwenye mzunguko mfupi hana haja ya kuwa mtabiri, kwa kuwa lolote litakalotokea litamkuta na fedha nyingi mkononi na mali kidogo stoo. Ila tukumbuke kwamba kinga hiyo haifanyi kazi kwa aliyeendelea kuagiza baada ya tangazo, akitumaini kwamba tarehe itasogezwa mbele.

Mishtuko ya ukubwa ule haiji kila mwaka, lakini midogo huja. Mpaka wa Rusumo au wa Kabanga ukiwa na vikwazo kwa juma moja, bidhaa zilizokuwa zikinunuliwa na majirani zinalala. Bei ya sukari ikishuka ghafla, aliyeweka ya miezi miwili anauza chini ya aliyonunulia. Na upo mzunguko wa kilimo wa kila mwaka: katika vijiji vya wilaya hizi fedha huonekana baada ya mavuno ya maharage na mahindi, au wakati kahawa inapolipwa, kisha hupotea wakati wa kupalilia. Kwa hiyo hesabu ya siku ikifanywa mara moja tu, tena katika mwezi wa mavuno, itadanganya. Mali ya siku 20 wakati wa mavuno inaweza kuwa ya siku 40 miezi mitatu baadaye bila katoni moja kuongezeka, kwa sababu tu wateja wamepungukiwa. Ifanywe angalau mara nne kwa mwaka, na mauzo ya kila siku yachukuliwe ya mwezi ule ule.

Vile vile zipo mali ambazo kuziweka kwa muda ni haki yake. Madaftari yaliyonunuliwa Novemba kwa ajili ya Januari hayajadoda. Yana tarehe yake ya kuuzwa. Madaftari yanayokutwa Machi ndiyo yaliyododa. Njia rahisi ya kutofautisha ni kuandika kwa kalamu ya wino mzito, juu ya kila katoni inapoingia, tarehe ya siku hiyo. Vibarua waagizwe kutoa kwanza yenye tarehe ya zamani. Baada ya miezi miwili mwenye duka hahitaji daftari kujua fedha yake imelala wapi. Anapita na tochi nyuma ya stoo na kusoma.

Basi kwa wewe ndugu uliyeko mjini, simu ya mdogo wako ikilia tena akiomba milioni kumi, usimwulize kwanza anapata faida kiasi gani, maana faida anayo. Mwulize mambo matatu. Mali uliyonayo leo, kwa mauzo ya mwezi huu, ni ya siku ngapi, na ni ipi inayozidi miezi miwili? Wanaokudai na unaowadai ni wa kiasi gani, na deni la zamani kuliko yote ni la lini? Na mara ya mwisho sukari ilipokuishia, stoo ilikuwa na nini?

Kama majibu yanaonyesha mzunguko wa siku 20 na wateja wanaorudi mikono mitupu, hapo duka limekua kuliko mtaji wake, na fedha yako itafanya kazi. Kama yanaonyesha mabeseni ya miezi mitano, milioni kumi zako zitanunua sukari, sukari itauzwa, na fedha itakayorudi itajazia lori lijalo kwa mabeseni mengine. Katika hali hiyo umsaidie kwa kwenda Biharamulo siku mbili, mkahesabu pamoja.